Barua ya kumwomba meneja aruhusu mfumo ukague maombi ya likizo yaliyolala: mwongozo kamili, kuanzia hesabu mpaka sahihi

Ofisi niliyofanyia kazi miaka ya nyuma kulikuwa na kaka mmoja wa stoo aliomba likizo aende Kigoma, fomu akaijaza vizuri akampa msimamizi wake, msimamizi akaiweka kwenye trei, kesho yake akasafiri kikazi wiki mbili. Kaka wa watu anasubiri. Akija kwangu utumishi namwambia subiri jibu la bosi wako, nami sikuwa nimeangalia lile faili siku kadhaa maana nilikuwa nafunga mishahara. Jibu lilitoka siku moja kabla ya safari yake, tiketi zimeshapanda bei. Hakuna aliyemnyima likizo, ombi lake lililala tu na hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kulikumbuka.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusema ukaguzi wa maombi yaliyolala usitegemee kichwa cha mtu, ufanywe na kompyuta kila asubuhi. Ila meneja hakubali kitu kama hiki kwa kuambiwa kwenye korido, anataka barua, na barua nyingi za namna hii zinakataliwa kwa sababu zinaongelea ubora wa mfumo badala ya kujibu kile anachokiogopa. Anaogopa vitu vitatu: mfumo utaanza kutoa likizo wenyewe, taarifa za watu zitasambaa, na wafanyakazi watalalamika. Kwa hiyo hapa nitakuonyesha namna ya kuandika barua inayojibu hayo, kwa ofisi ya Tanzania inayotumia Google Sheets, maana ndiyo ninayoijua na hailipiwi zaidi ya akaunti mliyonayo tayari.

Kabla ya kuandika, hesabu kwanza

Chukua faili la likizo la miezi mitatu iliyopita. Kila fomu andika tarehe iliyowasilishwa na tarehe iliyojibiwa, kisha hesabu siku za kazi zilizopita katikati, yaani toa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Tuseme umekuta maombi 40 na 9 kati yake yalikaa zaidi ya siku 5 za kazi, hiyo 9 kwa 40 ndiyo sentensi ya kwanza ya barua yako na ina nguvu kuliko aya nzima ya maelezo. Ukikuta ni ombi 1 tu, usiandike barua, ongea na huyo msimamizi mmoja yaishe.

Halafu angalia yale yaliyolala yalilala wapi. Mara nyingi utakuta hayakulala kwa watu wote, yako kwa msimamizi aliyesafiri, au kwa fomu iliyojibiwa kwa mdomo ("wee nenda tu") ila haikuandikwa popote. Hiyo ya pili ina madhara kwenye mfumo, nitaieleza chini.

Kichwa na aya ya kwanza

Muundo ni ule ule wa barua za kiofisi, tarehe, anayeandikiwa, na ipitie kwa mkuu wa idara yako kama ndio utaratibu wenu. Kwenye YAH usiandike "mfumo wa kisasa wa likizo", hapo meneja ameshaona bajeti. Andika kitu kidogo kama kilivyo:

> YAH: PENDEKEZO LA KUFANYA UKAGUZI WA KILA SIKU WA MAOMBI YA LIKIZO YASIYOJIBIWA KWA NJIA YA KOMPYUTA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika miezi mitatu iliyopita tulipokea maombi 40 ya likizo, na 9 kati yake yalikaa zaidi ya siku 5 za kazi bila jibu. Ninaomba ridhaa yako tufanye majaribio ya wiki 4 ambapo kompyuta itasoma orodha ya maombi kila asubuhi na kumkumbusha msimamizi ambaye hajajibu. Kompyuta haitakubali wala kukataa ombi lolote.

Sentensi ya mwisho iweke hapo hapo juu, usiisubirishe mpaka ukurasa wa pili.

Kwenye aya inayofuata weka sababu ya kisheria, fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka kwa kila mzunguko wa miezi 12, na mwajiri ndiye anayepanga lini ichukuliwe ila isipitilize miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 kama mfanyakazi amekubali na kazi zinalazimu kweli. Sasa ombi likilala wiki tatu, likarudishwa "andika upya", likalala tena, unafika ule mwezi wa sita huku faili likionyesha mfanyakazi aliomba na ofisi ilikaa kimya. Meneja analielewa hilo haraka sana, huna haja ya kumtisha.

Mfumo wenyewe, ueleze kwa maneno halafu uambatishe

Kwenye barua sema tu: kuna shiti moja inaitwa Maombi, kila ombi lina mstari wake, kuna safu ya jibu, na kila asubuhi kompyuta inapita kwenye mistari ambayo safu ya jibu iko tupu. Yatosha. Kanuni na skripti viende kwenye kiambatisho ili mtu wa kompyuta wa ofisi avikague, ila wewe lazima uvielewe maana utaulizwa.

Safu ninazotumia ni A namba ya ombi, B tarehe ya kuwasilisha, C aina ya likizo, D tarehe ya kuanza likizo, E jina, F imeili ya msimamizi, G jibu, H hali. Kwenye H2 inakaa hii, kisha unainakili kwenye mistari yote ya chini:

```
=IF(B2="","",IF(G2<>"","IMEJIBIWA",IF(OR(NETWORKDAYS(B2,TODAY(),Sikukuu!A$2:A$40)-1>=5,D2-TODAY()<=7),"KUMBUSHA","BADO")))
```

Maana yake, kama ombi halijajibiwa na zimepita siku 5 za kazi, AU likizo yenyewe inaanza ndani ya siku 7, basi kumbusha. Hiyo AU ndiyo watu wengi wanaisahau. Mtu aliyeomba leo likizo ya Desemba anaweza kusubiri siku tano bila kudhurika, ila aliyeomba leo aondoke Ijumaa ijayo ukimsubirisha siku tano umemnyima. Ile kutoa moja ni kwa sababu NETWORKDAYS inahesabu na siku ya kwanza yenyewe, ombi la leo lingehesabiwa siku 1 hata kabla msimamizi hajafungua imeili.

Sasa twende na mfano wenye tarehe, huu uuweke kwenye barua kabisa maana unaonyesha umefikiri. Ombi limewasilishwa Jumanne 15 Aprili 2025. Jumatano tarehe 16 ni siku ya 1, Alhamisi ya 2, Ijumaa tarehe 18 ilikuwa Ijumaa Kuu, halafu wikiendi, Jumatatu tarehe 21 Pasaka, kwa hiyo Jumanne tarehe 22 ndio siku ya 3 na siku ya 5 inaangukia Alhamisi tarehe 24. Ukihesabu siku za kalenda tu, ombi lingeonekana limechelewa Jumapili tarehe 20, siku ya Pasaka yenyewe, ofisi imefungwa! Na ukitoa wikiendi ila ukasahau sikukuu, msimamizi angekumbushwa Jumanne asubuhi anaporudi kazini kana kwamba amekaa na ombi siku tano wakati alikuwa na siku mbili na asubuhi moja. Akionewa hivyo mara mbili hatafungua tena imeili ya mfumo, na mfumo umekufa hapo.

Kwa hiyo ile shiti ya pili inayoitwa Sikukuu, yenye tarehe za mapumziko kwenye safu ya A, lazima iwe na mtu wake. Idi inategemea mwezi kuandama, hauwezi kuijaza Januari ukasahau, na kuna siku serikali inatangaza mapumziko katikati ya wiki. Na kama ofisi yenu Jumamosi ni siku ya kazi, badilisha kipande cha mwanzo kiwe `NETWORKDAYS.INTL(B2,TODAY(),"0000001",Sikukuu!A$2:A$40)`, hizo tarakimu saba ni siku za wiki kuanzia Jumatatu na yenye 1 ndiyo ya mapumziko.

Skripti inayotuma imeili ni hii, inakaa kwenye Extensions > Apps Script:

```
function kagua() {
  if ([0, 6].includes(new Date().getDay())) return;
  const d = SpreadsheetApp.getActive()
    .getSheetByName('Maombi').getDataRange().getValues();
  let n = 0;
  for (let i = 1; i < d.length; i++) {
    if (d[i][7] !== 'KUMBUSHA') continue;
    MailApp.sendEmail(d[i][5], 'Ombi namba ' + d[i][0] + ' linasubiri jibu',
      'Tafadhali fungua shiti ya Maombi uandike jibu.');
    n++;
  }
  MailApp.sendEmail('utumishi@example.com', 'Ukaguzi wa leo: ' + n,
    'Mistari iliyosomwa: ' + (d.length - 1));
}
```

Kisha kwenye Triggers unaipangia iende kila siku kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, pale kwenye skrini utaona imeandikwa 8am to 9am. Kama Jumamosi mnafanya kazi, toa ile 6 kwenye mstari wa pili.

Sehemu ya hatari, hapa ndipo barua inaposhinda au kushindwa

Wengi wanaandika "hatari ni ndogo". Usifanye hivyo. Andika kila hatari na namna mtakavyoijua ikitokea, meneja akiona umeitaja wewe kabla yake anakuamini na mengine.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni ukimya. Mkizoea mfumo, hakuna anayefungua faili tena, na siku mfumo ukisimama hakuna imeili, na wote mnadhani hakuna ombi lililochelewa. Husimama vipi? Triga ni mali ya akaunti iliyoitengeneza, kwa hiyo aliyeitengeneza akiacha kazi na akaunti yake ikafungwa, ukaguzi nao umekwisha bila kelele. Au mstari mmoja una "KUMBUSHA" ila safu ya imeili ya msimamizi iko tupu, skripti inagonga hapo inasimama, waliokuwa chini yake hawakumbushwi. Ndiyo maana ile skripti mwishoni inatuma imeili kwa utumishi kila siku ya kazi hata kama n ni 0. Asubuhi isiyo na imeili ya "Ukaguzi wa leo" ni asubuhi ambayo mfumo umekufa, na afisa utumishi anakagua kwa mkono siku hiyo. Kwenye barua iandike hivyo hivyo, pamoja na kwamba triga itatengenezwa kwa akaunti ya ofisi, sio ya mtu.

Ya pili ni tarehe kusomwa vibaya, na hii ni chafu kwa sababu inakosea nusu nusu. Shiti mpya mara nyingi inakuja na mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 15/04/2025 haielewi mwezi wa 15, inaiacha kama maneno na hesabu inatoa `#VALUE!`, hiyo angalau utaiona. Ila ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, inaichukua kwa furaha kabisa kama tarehe 4 Machi, na ombi la juzi linaonekana lina mwezi mzima. Namna ya kugundua, tarehe iliyobaki maneno inaegemea kushoto kwenye kisanduku na tarehe halisi inaegemea kulia, na ukiona ombi jipya limeruka moja kwa moja kuwa KUMBUSHA angalia tarehe kabla hujamlaumu mtu. Dawa ni File > Settings, weka Locale ya United Kingdom na Time zone ya GMT+03:00, ndiyo saa ya Dar es Salaam. Saa nayo usiidharau, shiti ikibaki na saa za Los Angeles basi saa 2 asubuhi ya Dar kule bado ni jana usiku, na TODAY() inakupa jana. Hapo hapo kwenye Calculation chagua On change and every hour ili hesabu isilale, na kwenye Project Settings za Apps Script hakikisha saa ni hizo hizo.

Ya tatu ni ile ya majibu ya mdomo niliyoitaja. Msimamizi kamruhusu mtu kwenye Wasap, hakuandika kwenye shiti, mfumo unaendelea kumkumbusha na yeye anakasirika "nilishajibu". Hapa mfumo haujakosea. Ila usibishane naye kwa imeili, mwombe aandike jibu kwenye safu ya G, na kwenye barua mwombe meneja atamke kwamba jibu ambalo halipo kwenye shiti bado sio jibu. Neno hilo likitoka kwa meneja lina uzito, likitoka kwako ni ugomvi.

Halafu kuna likizo ambazo hazifai kabisa kusubiri mashine. Likizo ya msiba kisheria ni siku 4 na mtu anahitaji kuondoka leo, ukimwekea hesabu ya siku tano za kazi mazishi yameshapita na matanga yameanuliwa. Mimi naona maombi ya msiba na ya kuuguliwa mtoto yasipite huku, yapigiwe simu hapo hapo, afisa utumishi aandike mstari baadaye kwa kumbukumbu ukiwa na jibu tayari. Ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe nayo ni hivyo, mtu hawezi kuomba kuumwa wiki ijayo.

Kinga za taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Kwa hiyo angalia ile imeili kwenye skripti, haina jina wala aina ya likizo wala sababu, ina namba ya ombi tu. Nilifanya hivyo makusudi. Imeili zinafowadiwa, zinasomwa kwenye simu iliyo mezani, na "ombi la uzazi la Fulani limechelewa" ni habari ambayo huenda yule dada hajamwambia mtu ofisini.

Shiti yenyewe isiwe na safu ya sababu, cheti cha daktari kibaki kwenye faili la karatasi lililofungwa. Usiigawe kwa "yeyote mwenye linki", taja akaunti moja moja, na msimamizi aone mistari ya watu wake peke yake. Hilo la mwisho halifanyiki kwa kuficha mistari, mtu anaifichua, ni lazima kila idara iwe na faili lake tofauti la Google Sheets, sio shiti nyingine ndani ya faili lile lile. Kama idara ni tatu, ni faili tatu na skripti tatu, ni usumbufu kidogo ila ndio gharama yake. Pia sema wazi kwamba taarifa zinakaa kwenye seva zilizo nje ya nchi na mwombe meneja amhusishe anayeshughulikia mambo ya sheria kabla ya kuanza.

Na kinga moja ambayo naitetea sana: hesabu za nani kachelewa mara ngapi zisitumike kumpima msimamizi utendaji wakati wa majaribio. Zikitumika, wasimamizi wataanza kuandika "HAPANA" haraka haraka ili mstari utoke kwenye orodha, na hapo umewaumiza wale wale uliotaka kuwasaidia.

Wafanyakazi wataona nini

Hii sehemu iandike kwa kuweka maneno yenyewe, usieleze. Msimamizi ataona kama ilivyo kwenye skripti. Aliyeomba likizo ataandikiwa na afisa utumishi, sio na mfumo, siku ombi lake likifika KUMBUSHA:

> Ndugu, ombi lako namba 27 bado halijajibiwa. Msimamizi wako amekumbushwa leo. Ujumbe huu sio ruhusa ya likizo, tafadhali subiri jibu la maandishi kabla ya kuondoka. Kama safari yako ina tarehe isiyobadilika, nijulishe leo nimpigie.

"Sio ruhusa" lazima iwepo. Bila hiyo kuna mtu atasoma "msimamizi amekumbushwa" akadhani mambo yamekwisha, akapanda basi, akirudi anakuta barua ya utoro. Na kwa nini iandikwe na mtu? Kwa sababu aliyesubiri siku tano anataka kuulizia, na mfumo haujibu maswali.

Msimamizi akiwa safarini ndio yale ya kaka wa stoo. Weka kwenye barua kwamba anayesafiri zaidi ya siku 3 za kazi anataja anayemkaimu, na utumishi wanabadilisha imeili kwenye safu ya F siku hiyo hiyo. Na ombi likikumbushwa siku mbili mfululizo bila jibu, afisa utumishi anapiga simu. Usilipeleke kwa meneja kwa imeili yenye nakala kwa kila mtu, hiyo ni aibu ya hadharani na watu hawaisahau.

Omba nini mwishoni

Omba majaribio ya wiki 4 na ueleze yatakavyokwenda. Wiki 2 za kwanza safu ya F yote iwe na imeili ya utumishi, yaani hakuna msimamizi anayepokea kitu, na afisa anaendelea kukagua kwa mkono kama zamani, kila jioni analinganisha orodha yake na ya kompyuta na kuandika tofauti. Wiki 2 zinazofuata imeili ziende kwa idara moja tu iliyokubali. Taja na sharti la kusimamisha: likitokea ombi hata 1 ambalo mfumo ulilikosa na mkono ukaliona, tunasimama mpaka sababu ijulikane. Kumkumbusha mtu bure ni kero inayorekebishika, ila ombi lililokoswa ni mtu amekosa safari.

> Iwapo utaridhia, ninaomba uteuzi wa afisa mmoja wa kutunza orodha ya sikukuu na mwingine wa kupokea imeili ya ukaguzi nikiwa sipo, pamoja na kibali cha kuwaeleza wafanyakazi kwenye kikao cha idara kabla ya siku ya kwanza ya majaribio. Nitawasilisha taarifa ya tofauti zilizoonekana mwishoni mwa wiki ya 2 na ya 4.

Kisha sahihi, jina, cheo, na kiambatisho chenye kanuni, skripti na ile hesabu ya Aprili. Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Ukiipeleka, ipeleke mkononi mapema ile wiki ambayo hakuna mishahara wala mahesabu ya mwisho wa mwezi, na chapisha ile orodha ya maombi 9 bila majina uishike, maana swali la kwanza huwa ni "hayo tisa ni yapi?"